Funga daftari, Profesa

Wewe Profesa, najua hujalala. Saa tano na nusu usiku na bado uko hewani. Ukinijibu "nasoma" nitakuomba picha ya ukurasa, maana "nasoma" yako ya wiki iliyopita ilikuwa kupanga kalamu kwa rangi.

Nimesikiliza ule ujumbe wa sauti ulionitumia jioni. Dakika nne za kilio juu ya mtihani wa hesabu wa kesho! Eti umesahau kila kitu, kichwa cheupe pee. Haya. Sasa huyo aliyesahau kila kitu, kwenye dakika ya tatu, katikati ya kwikwi, kakumbuka swali langu la mchana na kunikemea: "Halafu intigrali ya ln x si 1/x, umeenda kinyume wewe, ni x ln x − x + C." Unapenga kamasi huku unanisahihisha! Na hiyo C hukuisahau. Nimerudia kuisikiliza mara mbili, nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikafuta jibu langu daftarini.

Kwa hiyo mimi sina wasiwasi na kichwa chako. Wasiwasi wangu ni kikokotoo. Unakumbuka mtihani wa majaribio? Swali limesema digrii 30, wewe kikokotoo kiko kwenye radiani, sin 30 ikakuletea −0.988, ukaipokea kama mgeni wa heshima na kutembea nayo kurasa mbili. Pembe kali, sine hasi, na hukushtuka! Kesho kabla hujagusa swali la kwanza, bonyeza sin 30. Ikija 0.5, uko kwenye digrii. Ukifika kwenye intigrali za trigonometria, rudisha radiani. Basi, mkosi wako mkubwa umekwisha.

Na usianze na swali la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Nakujua, ukikwama unakaa hapo unaligombeza swali nusu saa. Pitia karatasi yote, anza na lile linalokuchekea. Intigrali ya sehemu kwa sehemu ulinifundisha mimi, na mimi ni mgumu kuliko mtihani wowote watakaokuletea. Nilikuuliza mara sita, mara ya sita ukachora mishale mpaka nikaelewa. Mtu hawezi kueleza hivyo kitu asichokijua.

Haya, funga daftari. Unachojaribu kukariri saa hizi ni kutapatapa tu kwa mfa maji, na wewe hata majini hujaingia. Lala.

Nitakupigia saa kumi na mbili asubuhi. Usipopokea nakuja kugonga dirisha, na unajua navyogonga. Weka kalamu mbili kwenye begi usiku huu huu. Ile nyeusi yenye kifuniko kilichotafunwa ni yangu, nimeiona kwenye picha yako. Itumie kesho, lakini jioni naitaka.