Kumbukumbu za Kamati ya Ukaguzi ya Sacco, Nairobi, 12 Machi 2025

Kumb. 4: Majibu ya menejimenti kwa hoja za ukaguzi
Mikopo 14 ilitolewa bila sahihi za wadhamini. Meneja wa Mikopo alisema fomu zilichelewa kutoka tawi la Gikomba. Kamati haikuridhika: pesa zilitangulia fomu. Sahihi zipatikane kufikia 30 Aprili. Hadi hapo, tawi lisitoe mkopo bila idhini ya makao makuu.
Ulinganisho wa akaunti ya M-Pesa: menejimenti ilikubali hoja; ukamilike kufikia 31 Machi.

Kumb. 5: Kikao cha faragha
Menejimenti na katibu walitoka. Mwenyekiti aliandika mwenyewe. Mkaguzi wa nje alisema hakunyimwa hati yoyote, ila mkaguzi wa ndani bado anaripoti kwa Meneja wa Fedha, ambaye ndiye anayekaguliwa. Wajumbe waliazimia mkaguzi wa ndani aripoti kwa kamati moja kwa moja kuanzia 1 Aprili.