Ripoti ya Somo la Pamoja: Kulinganisha Sehemu, Darasa la Nne

Walimu wanne wa Hisabati waliandaa somo la dakika 40. Lengo: mwanafunzi aeleze kwa nini 1/3 ni kubwa kuliko 1/4.

Mkondo A. Mmoja alifundisha; watatu walikaa kila mmoja na kundi moja, wakaandika maneno ya wanafunzi bila kuwasaidia. Wanafunzi walijikatia vipande vya karatasi wenyewe. Urefu ukatofautiana, na kundi moja likapata robo ndefu kuliko theluthi. Kukunja vipande katika sehemu tatu sawa kulikula dakika 12. Wengi waliendelea kusema "nne ni kubwa kuliko tatu", yaani walitazama asili peke yake.

Marekebisho. Vipande vikatwe na mwalimu, vyote sentimita 24, vikiwa na alama kila sentimita 8 kwa theluthi na kila 6 kwa robo. Swali la kubashiri litangulie kukunja. Hili ndilo badiliko tunalolithamini zaidi, maana hufichua fikra potofu mapema.

Mkondo B. Makundi yote yalilinganisha sawasawa. Kasoro iliyobaki: 2/3 na 3/4 ziliwachanganya, kwa kuwa kiasi nacho kinabadilika. Zihamishiwe kipindi kinachofuata.