Tangazo la mavazi ya kazi: hili linachukua nafasi ya lile la kazi moja

Kwa baba, mama na vijana wote wa depo, Lubumbashi

Karatasi iliyobandikwa karibu na gishe siku ya kazi moja imebanduliwa. Ilitaja "uchafu" na kukatwa mshahara kabla hata ya kusema nguo gani zinatakiwa, na watu waliovaa vizuri miaka yote wakaisoma kama tusi. Tunaomba radhi. La kufuata ni hili, kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba.

Kubwa ni viatu. Anayefanya kazi uani, kwenye mabati, vyuma na simenti, avae kiatu kinachofunika vidole. Mfuko wa simenti ni kilo 50, na ukingo wa bati unakata kama wembe. Mwezi uliopita tulimwona mwenzetu amekaa juu ya ndoo, kambambili imelowa damu, sisi tunahangaika kutafuta kitambaa. Wapakiaji sita wasio na viatu hivyo, depo itawanunulia, jozi moja kila mtu. Wampe msimamizi wa stoo namba ya mguu kabla ya siku ya posho. Viatu visipofika kwa wakati, mwenye kambambili harudishwi nyumbani; atasaidia mbele kwa siku hizo.

Kwenye mashine ya kukata vyuma, mikono ya nguo ibane na kitu chochote kinachoning'inia shingoni kivuliwe. Hapo tu ndipo hatuna nafasi ya kulegeza.

Mama zetu wa gishe wameuliza juu ya liputa. Liputa ni vazi la heshima, livaliwe. Karatasi ya kwanza ilisema "nguo za nyumbani" na kila mtu akaelewa lake. Shati, bulauzi, sketi, suruali, jinzi isiyotoboka, vyote vinafaa.

Wote wa mbele watavaa gile ya bluu juu ya nguo zao. Juzi mteja alimwuliza mteja mwenzake bei ya misumari, naye akamjibu bila wasiwasi, tena bei ya chini kuliko yetu! Gile mbili kila mtu, depo inatoa. Kufua ni kwa mwenyewe. Baridi hii ya asubuhi, vaa koti au sweta, gile ikae juu.

Mwenye kidonda mguuni, mjamzito, au anayevaa kwa namna fulani kwa ajili ya dini yake, amwone msimamizi faraghani. Atakayesahau ataambiwa pembeni, si mbele ya wateja, na mshahara haukatwi kwa sababu ya nguo.

Gile zitagawiwa siku ya kazi tano jioni, baada ya kufunga. Njoo ujaribu yako mwenyewe, maana fundi ametuletea tatu ndefu kama kanzu.

Msimamizi wa wafanyakazi