Jibu kwa mwanangu wa Wete

Wa alaykumu s-salaam, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, nikausoma tena leo baada ya alfajiri. Umeniuliza juu ya mumeo, aliyeko kazini hotelini Nungwi, Unguja: "Bi, nambie ukweli, ana mwengine au hana?" Sijui. Na atakayekwambia anajua, akiwa amekaa chumbani kwake na ubao wa ramli, anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Uliyoyaona ni haya: haji tena Pemba kila wiki mbili, fedha za matumizi zimepungua, na simu ikilia anatoka nayo uani. Hayo umeyaona kwa macho yako, sikwambii unajitungia. Lakini maana yake hukuiona. Hiyo umeijaza wewe usiku, watoto wakishalala. Masika hoteli nyingi za Nungwi hupungukiwa na wageni, na mfanyakazi huweza kukatwa mshahara akaona haya kumwambia mkewe. Mwenye madeni naye hutoka nje kupokea simu. Sisemi ndivyo ilivyo. Dalili zako zinachukua zaidi ya jambo moja, na mie siwezi kukuchagulia moja nikaliita ukweli.

Hata hilo neno "mwengine" limenisimamisha. Unaogopa mke wa pili, au mtu wa nje? Kwetu sisi hayo ni mambo mawili, na kila moja lina suali lake. Jiulize kwanza.

Simu yake usiipekue, wala wifi yako usimtume akamchungulie. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana nyingi na kupelelezana pamoja, na mie nimeona kwa nini: anayepekua haachi kupekua hata asipokuta kitu.

Akija, mwache ale, apumzike, watoto walale. Kisha anza na ulichokiona: "Mume wangu, tokea mvua zianze umekuja mara moja tu, na simu unapokelea uani. Nimekaa na wasiwasi. Kuna nini?" Halafu nyamaza. Ukimya ukirefuka, usimsaidie kujibu. Akikasirika, hasira zake si ushahidi, si wa ndiyo wala si wa siyo. Akikataa katakata kuzungumza, tuna wazee: aya ya 35 ya Suratun Nisaa imeweka mwamuzi wa jamaa za mume na mwamuzi wa jamaa za mke, na njia hiyo ipo kabla hujafikiria kwa kadhi.

Mawili hayangoji jibu lake. Ukiwa na hofu ya afya yako, nenda hospitali ukapime. Hutodaiwa ushahidi wa kitu. Na ukihisi kwamba ukimuuliza atakupiga, usimuulize mkiwa peke yenu. Nambie kabla hajapanda boti.

Anakuja lini? Nijibu hilo tu leo. Alkhamisi baada ya laasiri nitakupigia, tuyapange maneno pamoja.