Kisa cha kujadili: Madamu Rehema na Kidato cha Pili B

Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine mnasikiliza, mkifika kwenye SIMAMA mnasimama kweli, msichungulie mbele. Shule na watu wa humu ni wa kutunga ila mkijiona humo ndani poa tu.

Rehema karipoti Ijumaa, Jumatatu yuko darasani. Shule ya kata huko Kilosa, mwalimu wa Hisabati aliyekuwepo alihama tangu mwaka jana na hakuna aliyeziba pengo. Kapewa Kidato cha Pili B, watoto 84, vipindi viwili mfululizo baada ya paredi yaani dakika 80. Andalio la somo kaliandika Jumapili usiku kwa mwandiko wa kwenda kukaguliwa, mada vipeo, lugha Kiingereza kama mwongozo unavyotaka.

Anatoka stafu mwalimu wa nidhamu anamwita, "Madamu, unaenda mikono mitupu?" Anampa fimbo. "Wale wa B siku ya kwanza ndo wanakupima, ukiwachekea leo basi hadi Desemba." Walimu wengine kimya, mmoja anasahihisha madaftari wala hainui kichwa. Rehema anasema ahsante mwalimu, anaipokea, akifika koridoni anaiegemeza nyuma ya mlango wa stoo na kuendelea na safari.

SIMAMA. Kukataa fimbo mbele ya wenzako siku ya kwanza, kuipokea ukaificha, au kuingia nayo bila kuitumia? Semeni kila moja inawaambia nini watoto NA inawaambia nini walimu wenzake, maana hao ndo atakula nao chai miaka yote. Mkimaliza endeleeni.

Ndani wakasimama, salamu ya Kiingereza kwa ule wimbo wao, wakakaa, watatu watatu kwenye meza za wawili. Kabla hajashika chaki monita kaja na karatasi, "Madamu, niandike wapiga kelele?" Rehema kajibu "ndio andika" bila hata kufikiria kwa sababu na yeye alipokuwa sekondari ndivyo ilivyokuwa.

Akaandika ubaoni 2³ × 2², akaeleza kwa Kiingereza taratibu, akauliza jibu. Kimya. Siyo kimya cha nidhamu, ni kile cha mtu anayeomba asichaguliwe. Akamnyooshea mmoja, sitini na nne. Mwingine sitini na nne. Akaeleza tena, kwa Kiingereza kile kile, kwa sauti kubwa zaidi kidogo (sote tumeshafanya hivyo, kana kwamba shida yao ni masikio). Meza ya tatu dirishani kuna binti, Hadija, kaegemea kwa jirani yake ananong'ona, "we hesabu mbili ziko ngapi, mbili mara mbili mara mbili, hizo tatu, halafu mbili mara mbili, jumla tano, sasa zidisha zote hizo." Jirani kaandika, kafuta, kaandika thelathini na mbili. Rehema hakuona. Monita kaona, akaandika: HADIJA, KELELE NA KISWAHILI.

Kama dakika ya thelathini Rehema akabwaga manyanga, akahamia Kiswahili. Darasa likalipuka. Mikono, watu wanabishana kwa nini siyo sita, mmoja kaja hadi ubaoni bila kuitwa kaichukua chaki mkononi mwa madamu. Raha! Ila ni watoto 84, raha yao inasikika mpaka barabarani, na mwalimu wa darasa la jirani akachomoza mlangoni, "Mwalimu, vipi, hawa watoto wana mtu kweli humu?" Mbele yao. Nyuma kule kijana mmoja mrefu, Baraka, akaiga sauti ile ile, "hawa watoto wana mtu kweli humu," na darasa zima likaangua kicheko.

SIMAMA. Msijadili Baraka kwanza, kila kundi linakimbilia Baraka. Jadilini mlangoni. Mnamjibu nini mwenzenu aliyewasema mbele ya wanafunzi, na hiyo kelele ilikuwa kosa au ilikuwa somo?

Rehema akamwambia Baraka atoke nje. "Kwani nimefanya nini madamu?" Toka nje. "Si mimi peke yangu niliyecheka." Na ni kweli, hakuwa peke yake. Hakutoka. Darasa zima linaangalia kama mpira wa penati. Mwishowe Rehema akasema, "Sawa, kaa, tutaongea wawili baada ya kipindi," akageukia ubao, na shingo inawaka moto.

Hapo hapo Zawadi kaingia, kachelewa karibu kipindi kizima, sketi imelowa chini na kandambili badala ya viatu. Utaratibu wa shule mchelewaji hasubiri maelezo, anapelekwa kwa mwalimu wa zamu. Rehema akasema "kaa mama, fungua daftari." Sauti kutoka nyuma, haijulikani ya nani: "Sisi Ijumaa tulichapwa getini." Zawadi anauza maandazi stendi kabla ya shule lakini hilo Rehema halijui, hakuuliza, na wale walochapwa Ijumaa nao hakuna aliyewauliza.

Kengele. Baraka akatoka na wenzake, hakusubiri. Karatasi ya monita Rehema aliitia ndani ya andalio akijua imeishia hapo. Kumbe monita ana nakala, na nakala inaenda kwa mwalimu wa nidhamu, ndo kawaida ya shule.

Saa nne chai. Nje ya stafu wamepiga magoti kwenye kokoto wanne: Baraka, wavulana wengine wawili, na Hadija. Mwalimu wa nidhamu kamaliza na wavulana. Mkuu wa shule yuko halmashauri mpaka jioni. "Madamu hawa ni wa kipindi chako. Huyu binti mimi mwanaume simgusi, sheria hairuhusu, na mwalimu wa kike leo ni wewe tu. Malizia tukanywe chai." Na anamnyooshea ile fimbo ya asubuhi, kaikuta nyuma ya mlango wa stoo. Hadija anamwangalia Rehema. Baraka naye.

SIMAMA, na kisa kimeishia hapa, msiniulize alifanyaje.

Mjue tu kanuni ya viboko ya mwaka 2002 inasemaje kabla hamjabishana: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi, visizidi vinne, vinaandikwa kitabuni, na msichana anachapwa na mwalimu wa kike. Mwalimu wa nidhamu kashika kipande kimoja cha kanuni na vingine kaviacha. Rehema hana karatasi yoyote ya mkuu. Je analisema hilo hapo hapo mbele ya watoto waliopiga magoti, au anamvuta pembeni, na akimvuta pembeni Hadija anabaki kokotoni muda gani?

Halafu ile karatasi ya monita. Nani alikosea, monita aliyefanya alichotumwa, au aliyemtuma? Kesho ataingia tena B na monita atauliza tena.

Kila kundi liandike maneno atakayoyatamka Rehema pale nje, neno kwa neno, moja kwa mwalimu wa nidhamu na moja kwa Hadija. "Atatumia busara" siyo jibu, nitalirudisha.