Maziwa ya Kogo

Mfamasia alitaka kujua jambo moja tu: tumbo limefunga au linaendesha?

Jerotich alitazama vitu alivyoomba, pakiti ya majani ya sena na vidonge vya mkaa, akaelewa swali limetoka wapi. Sena hufungua, mkaa hufunga. Anayenunua vyote viwili kwa mkupuo mmoja lazima ahojiwe.

"Ni vya maziwa," alijibu.

Kijerumani chake kilikuwa kimeishia hapo. Mfamasia akamtazama, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yake, akampa vitu vyake pamoja na karatasi ya maelekezo, na kumsisitizia asivitumie siku moja.

Njiani kurudi hosteli alijicheka. Yeye ndiye msomi wa misitu, yeye ndiye anayejua kwamba senetwet ya kwao Nandi, kile kichaka chenye maua ya njano yaliyosimama wima kando ya kila ua kutoka Mosoriot hadi Kapsabet, ni Senna didymobotrya, na kwamba sena ya duka la dawa ni binamu tu. Tena kwao hakuna anayetafuta majani. Hukatwa shina, likakaushwa, likachomwa ncha mpaka liwe kaa jekundu, kisha kaa hilo likasagwa ndani ya kibuyu kwa kijiti cha mtende hadi ukuta wa ndani uwe mweusi. Majani makavu ndani ya pakiti yangechomwa na nani? Lakini ilikuwa Februari, jua la Göttingen lilikuwa halijaonekana kwa muda mrefu, na hamu ya mursik, maziwa ya kwao yanayogandishwa kibuyuni, ilikuwa imempanda kichwani.

Si kwamba maziwa yaliyoganda hayakuwepo. Friji za Wajerumani zimejaa. Tatizo ni kwamba yote yalikuwa na ladha moja, uchachu wa mbele ya ulimi, kisha basi. Mursik ya Kogo, bibi yake, ilikuwa na safari. Ilianza baridi na nzito, ikaja chachu, halafu ukishameza, ukidhani imekwisha, moshi ukarudi kwa njia ya pua. Rangi yake ilikuwa kijivu cha kukaribia buluu, yenye chembechembe za mkaa ambazo wageni kutoka Nairobi walizitoa kwa kijiko na kuziweka kando ya sahani. Kogo hakuwapenda wageni wa namna hiyo. Aliwapa chai.

Basi Jerotich akaanza na alichokipata. Katika duka la Waturuki karibu na stesheni kulikuwa na ndoo ndogo za yogati ya mafuta asilimia kumi, nzito kiasi kwamba kijiko kilisimama. Alinunua na lita mbili za maziwa. Akayachemsha, akayaacha yapoe kabisa kama alivyoona yakifanywa tangu utotoni, akakoroga kijiko cha yogati, akafunika chupa ya glasi kwa kitambaa na kuiweka dirishani. Mursik hukaa siku nyingi kwenye pembe ya nyumba yenye ubaridi, haina haraka. Naye hakuwa na haraka.

Yaliyotoka humo hayakuwa maziwa wala mursik. Juu maji ya kijani, chini kitu cha kuvutika, na uchungu uliomfanya asukutue kinywa mara tatu.

"Umewalaza kwenye baridi," Selam alisema. Selam alikuwa Mhabeshi wa chumba cha pili, mwanafunzi wa mikrobiolojia, aliyesema kila jambo kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya maabara. "Hao bakteria wa yogati ni watu wa joto. Wanataka nyuzi 43 hivi. Ukiwaweka kwenye nyuzi 18 wanasinzia, na wakisinzia wengine wanaingia. Bibi yako hana hao. Wa kwake wanaishi ndani ya vitundu vya kibuyu, wamezoea ubaridi wa usiku, na kila akimimina maziwa mapya anawakuta wanangoja."

"Kwa hiyo nahitaji kibuyu."

"Unahitaji kibuyu kilekile."

Hata hivyo Selam alimsaidia. Walipima joto kwa kipimajoto cha jikoni, wakaizungushia chupa sweta mbili, wakaiegemeza kwenye hita. Asubuhi iliyofuata maziwa yalikuwa yameshikana vizuri, laini, meupe, matamu kwa namna yake. Jerotich akaonja, akaonja tena, akaweka kijiko chini.

"Ni yogati," alisema.

"Ulitaka yogati izae nini?"

Vidonge vya mkaa viliingia chupa iliyofuata, vikasagwa kwa kitako cha glasi. Rangi ilikuja, na ilimdanganya kwa muda wa kutosha kuinua kikombe. Lakini mkaa wa dawa umetengenezwa kunyonya, si kutoa. Hauna harufu, hauna kumbukumbu ya moto. Ilikuwa yogati iliyovaa nguo za msiba.

Moshi ulitoka kwa Selam pia. Shangazi yake alikuwa amemletea kutoka Addis vijiti vya weira, mzeituni mwitu, ule ambao hata Wamaasai hutumia ncha yake yenye moto kusafishia vibuyu vyao. Wakashuka nyuma ya banda la baiskeli, wakaviwasha ndani ya mkebe, wakaigeuza chupa mdomo chini juu ya moshi mpaka glasi ikawa rangi ya chai. Mzee mmoja alifungua dirisha, akawatazama, akafunga. Maziwa yaliyotoka kwenye chupa hiyo yalikuwa na kitu. Si kitu chenyewe, lakini jirani yake wa mbali.

Hapo ndipo Jerotich aliamua kumwuliza mwenyewe.

Alikuwa akimpigia Kogo kila Jumapili baada ya kanisa, kwa simu ya Kibet, mtoto wa mjomba. Wakisalimiana, Chamgei, Chamgei mising, wakiulizana mvua na miguu, wakifika kwenye maziwa mazungumzo yanateleza. Alipoomba aonyeshwe kibuyu kinavyosuguliwa, kibuyu kilikuwa kimeazimwa na jirani kwa sherehe ya uchumba. Jumapili nyingine senetwet ilikuwa bado mbichi. Nyingine Kogo alikuwa na mafua, na mwenye mafua hasogelei maziwa, sheria ambayo Jerotich hakuwahi kuisikia. Na siku zote alikuwa ameketi mahali pamoja, mgongo kwenye ukuta, kalenda ya kiwanda cha chai ikiwa juu ya kichwa chake.

"Kogo, nionyeshe tu hata jivu."

"Jivu la nini? Huko hamna jivu?"

"Kibet, toka nje kidogo nione nyumbani."

Kibet ana miaka kumi na minne na hakuna aliyemwambia lolote. Akatoka na simu. Ukaonekana mlango, ukaonekana mparachichi, likaonekana tangi la maji, kisha skrini yote ikawa kijani. Sukuma wiki. Majani mapana kama masikio ya ndovu, ya kijani cha kuelekea weusi, safu kwa safu, ndani ya ua wa miti ambao Jerotich aliujua kila mti wake. Mwaka wake wa pili wa masomo ulikuwa na somo zima la udongo. Alijua mboga hustawi hivyo juu ya nini, na kwa muda gani baada ya mifugo kuondoka.

"Wote wawili?" aliuliza.

Kibet akaanza kusema kitu, simu ikanyakuliwa, uso wa Kogo ukajaa kioo, karibu mno, pua na jicho moja.

"Mama yako alisema usiambiwe mpaka umalize."

"Kogo."

"Ile akaunti ya Wajerumani ilitaka pesa zote kwa siku moja. Si ndivyo?"

Ndivyo. Yuro 11,904, zifungiwe benki kabla ya viza, zitolewe 992 kwa mwezi. Zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Nyumbani walikuwa wamemwambia kwamba ni harambee ya kanisa, mkopo wa sako wa mama, na bonasi ya chai. Jerotich alikuwa amezijumlisha mara nyingi bila kuona kwamba hazifiki.

"Ulitaka tuwaambie Wajerumani wangoje ng'ombe azae?" Kogo aliuliza. "Yule mwekundu alikuwa ameshazeeka. Mweupe alipata bei nzuri. Aliyemnunua ni Mnandi, anajua kukamua. Sasa wewe unalia nini na mboga tunakula?"

"Silii."

"Unakunywa nini hapo basi?"

"Maziwa ya paketi."

"Hata mimi."

Wakanyamaza kidogo. Kwa upande wa Göttingen mtu alikuwa anapiga pasi ya chuma jikoni, au ndivyo ilivyosikika. Kogo ndiye aliyerudi kwanza, na alirudi na sauti ya biashara.

"Vibuyu vimekauka. Kimoja kimepasuka, nimekishona kwa ngozi. Niliweka ya paketi ndani, yakaoza. Hayalali, yanaoza tu, yanakuwa machungu. Babu yako alikunywa kwa heshima. Sasa Kibet ananiambia unatumia kijiko cha ile ya dukani. Unafanyaje?"

Jerotich akajifuta uso. Akamweleza. Chemsha, acha yapoe lakini yasipoe sana, mpaka kidole kivumilie hadi uhesabu kumi. Kijiko kimoja cha yogati, koroga, funika, zungushia blanketi, weka karibu na jiko usiku mzima. Yakishashikana ndipo uyamimine kwenye kibuyu kilichosuguliwa senetwet, ukipeleke pembeni.

Kogo alimkatiza kila sentensi. Kidole kipi? Kwa nini wahesabu kumi na si kumi na tano? Yaani unatengeneza ya kwao kwanza, halafu unaiingiza kwenye kibuyu ikajifunze?

"Ndiyo," Jerotich alisema, kisha akafikiri. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Hiyo inaweza," Kogo alisema. "Na hao wa paketi ya kwanza, wakishakaa kibuyuni wiki kadhaa, hutahitaji tena kijiko."

"Selam anasema hao wanapenda joto, watakufa kwa baridi."

"Watakufa wale wa joto. Watabaki wa kwangu. Kibuyu hakijafa, kimelala njaa tu."

Selam, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake, alitafsiriwa hayo. Alikaa kimya kwa muda usio wa kawaida kwake, kisha akasema inawezekana kabisa, na kwamba angependa sana kupata kipande cha kile kibuyu kilichopasuka.

"Mwambie aje akichukue," Kogo alisema.

Jumapili iliyofuata simu ilipigwa kutoka upande wa pili, jambo ambalo halifanyiki, maana bando ni ghali. Kogo alikuwa nje safari hii, ameketi kwenye kigoda katikati ya sukuma wiki, kibuyu mapajani.

"Jerotich, hii kitu yako ina rangi."

"Kijivu?"

"Kibet, mwonyeshe."

Kamera ikashuka ndani ya kikombe cha bati. Maziwa yalikuwa mazito, yenye chembe za mkaa, na juu ya yote yalikuwa ya waridi iliyochafuka, karibu na zambarau.

"Kibet, ulinunua yogati gani?"

"Ya stroberi. Ndiyo ilikuwepo."

"Na kijiko kimoja tu?"

"Kijiko cha nini?" Kogo alisema. "Nilimwaga pakiti yote. Babu yako amekunywa vikombe vitatu. Anauliza kama huko wanayo ya embe."