YAH: KUTOHUISHWA KWA MKATABA WAKO WA AJIRA UNAOISHA TAREHE 31 JULAI 2025

Kiwanda cha Kubangua Korosho,
Ofisi ya Rasilimali Watu,
MTWARA.
26 Juni 2025

Bi. Zuhura Hamisi,
Msimamizi wa Madaraja, Zamu ya Pili.

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mkataba wako wa mwaka mmoja ulioanza tarehe 1 Agosti 2024 utafikia ukomo tarehe 31 Julai 2025, na hautahuishwa. Barua hii ni notisi ya zaidi ya siku 30 zinazotakiwa na kifungu cha 4 cha mkataba.

Mkataba huu ni wa tatu mfululizo, hivyo ulikuwa na haki ya kutarajia wa nne, na una haki ya kuelezwa sababu. Msimu uliopita hatukupata mnadani korosho ghafi za kutosha zamu mbili. Tangu Aprili mashine za zamu ya pili zimesimama, na zamu hiyo inafungwa rasmi Julai 31. Zamu ya kwanza ina msimamizi wake, na hakuna nafasi nyingine ya ngazi yako. Hili halitokani na kosa wala utendaji wako. Daftari lako la punje zilizovunjika, lililojazwa kila saa bila kuruka, ndilo tunalofundishia wageni.

Tarehe 31 Julai utaingiziwa benki: mshahara wa Julai, Sh. 676,000, likizo ya siku 14 ambazo hukuchukua, kwa Sh. 26,000 kwa siku, Sh. 364,000; na kiinua mgongo cha kifungu cha 9, siku 7 kwa kila mwaka kwa miaka 3, Sh. 546,000. Jumla ni Sh. 1,586,000, kabla ya kodi na mchango wa NSSF. Itakatwa pia Sh. 100,000, salio la mkopo wa mshahara uliosaini mwezi Mei. Ukiona hesabu haiendani na kumbukumbu zako, njoo tuipitie kabla ya Julai 18.

Kwa kuwa uliajiriwa ukiwa Tanga, kiwanda kitagharamia nauli yako, ya familia yako na usafirishaji wa mizigo hadi huko. Safari ikichelewa kwa upande wetu, utalipwa posho ya kujikimu kwa siku zote utakazosubiri. Tuletee idadi ya wasafiri na mizigo mapema, maana lori hukodiwa kabla.

Cheti cha utumishi na barua ya ukomo wa ajira kwa ajili ya NSSF utakabidhiwa siku hiyo hiyo ya mwisho. Nawe utakabidhi funguo za ghala namba 2, kipima unyevu na daftari la madaraja. Malipo yako hayatasubiri makabidhiano hayo.

Usiporidhika na uamuzi huu, unaweza kuwasilisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Mtwara, ndani ya siku 30 tangu ajira kukoma.

Zamu ikifunguliwa tena, utapigiwa simu kabla nafasi haijatangazwa. Nimeiandika ahadi hii kwenye jalada lako.

Wako katika kazi,

J. Mapunda
Meneja Rasilimali Watu

Nakala: Mhasibu, Katibu wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi

Nimepokea nakala ya barua hii leo, 26 Juni 2025: Zuhura Hamisi